Betri ya "9900mAh" iliyonizimikia mwambani: linganisheni na picha hizi kabla hamjanunua

"Mama, ukitaka mwanga wa kukesha nunua jenereta." Hayo ndiyo majibu niliyopewa na kijana wa duka la vifaa vya umeme hapa Tanga, mbele ya wateja, nilipomrudishia betri ya tochi ya kichwani aliyoniuzia kwa mkono wake mwenyewe. Wateja wakacheka. Wacheke tu, maana wengine wao walikuwa wameshika zile zile.

Betri ninayoisema ni ile ya kuchaji, nene kuliko ya rimoti, imeandikwa 18650. Ndiyo inayoingia kwenye tochi nyingi za kichwani na feni ndogo za mkononi. Yangu ina plastiki nyekundu, imechorwa radi, na kwa herufi kubwa kuliko zote imeandikwa 9900mAh. Bamvua ya juzijuzi niliichaji mchana mpaka taa ya chaja ikawa kijani, usiku nikashuka na wenzangu mwambani kuchokoa pweza. Maji yalikuwa bado yanatoka. Hata saa moja haikutimia, mwanga ukafifia, ukapepesa, giza. Wenzangu waliendelea kuvua, mimi nikarudi pwani nimemshika shemeji yangu begani kama kipofu, na yeye akapoteza maji yake kwa ajili yangu.

Sasa hesabu, na haihitaji ufundi. Namba ya mAh ni kiasi cha umeme ambacho betri inasema imebeba. Tochi yangu ikiwashwa mwanga mkubwa inakula kama 1000 kwa saa. Betri ya 9900 ingenipeleka saa tisa na zaidi, yaani ningeenda, maji yapwe, yajae, nirudi, na bado iwake. Ikizima kabla ya saa moja, basi ndani yake hamna hata 1000. Kijana akasema tochi ndiyo mbovu, "inakula moto". Haya, niliitoa betri ya zamani kwenye tochi ya shemeji, nikaitia kwenye hii hii yangu, ikawaka zaidi ya saa mbili na nusu mezani kwangu. Tochi mbovu iko wapi hapo?

Picha ya kwanza nimeziweka mbili ubavu kwa ubavu, ya shemeji kushoto, yangu kulia. Angalieni namba tu. Ya shemeji ni ya kampuni inayojulikana, plastiki ya rangi moja, maandishi madogo ya kuhangaisha macho, 2600mAh. Yangu ina radi na 9900. Mtu asiyejua atachukua ya 9900, nani asingechukua? Lakini betri ya ukubwa huu, milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu, haina nafasi ya kubeba hivyo. Nzuri kabisa zinazouzwa, nyingi zinaishia kwenye 3500 au 3600. Ukiona 18650 yenye 5000, 6800, 8800 au 9900, usiulize hata bei. Ila msije mkamgombeza mtu bure: kuna betri nene zaidi, imeandikwa 21700, hiyo 5000 inaweza kuwa kweli. Ndiyo maana nasema someni namba zote mbili, ya umbo na ya umeme.

Picha ya pili ni mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Ya shemeji ilisoma gramu 46. Yangu gramu 27. Hapo ndipo nilipochemka hasa, kwa sababu betri nzima ya 18650 hukaa kwenye gramu 44 mpaka 50, na anayedai amebeba umeme karibu mara nne ya mwenzake hawezi kuwa na uzito wa nusu na kidogo. Hata bila mizani, shika moja kila kiganja, utaisikia. Fundi wa simu mtaani kwetu aliniambia ameshakuta nyingine ndani mna kabetri kadogo, pembeni kumejazwa unga unga tu. Nilimwomba aipasue yangu tuone, akakataa katakata: ni lithiamu, ukiitoboa inaweza kulipuka moto mkononi. Nanyi msipasue.

Picha ya tatu ni kichwa cha betri, upande wa chanya. Hii niliongeza kwa sababu ya dada mmoja aliyeniambia yake ina uzito mzuri lakini nayo inazima upesi. Ukitazama picha ya yake kwa karibu, pale juu kuna vidoa viwili viwili kama vya sindano ya moto. Hizo ni alama za kulehemu. Ilikuwa ndani ya betri ya laptopu, ikachoka, ikabanduliwa, ikavalishwa plastiki mpya na kuuzwa kama mpya. Kwa hiyo nyepesi ni feki bila mjadala, lakini nzito haimaanishi salama, maana wapo pia wanaojaza mchanga. Dawa ni kuijaribu nyumbani kabla hujaitegemea: ichaji ijae, uwashe tochi mwanga ule ule mmoja, uangalie saa. Ikipata moto wa kuunguza wakati wa kuchaji, ichomoe, usiirudishie tena. Na usiiache ikichaji usiku karibu na chandarua.

Nikirudi kwa kijana. Nitakuwa mkweli, mwanzoni nilimwonea huruma. Mzigo unashushwa umeshafungwa, katoni zimeandikwa hivyo hivyo, inawezekana naye kauziwa mbuzi kwenye gunia. Na tochi aliyoniuzia ni nzuri, mwanga wake umenyooka, mkanda haubani, maji ya chumvi hayajaidhuru. Ningeishia hapo ningempa sifa.

Lakini mizani nilikwenda nayo! Nikamwambia, mwanangu, sikugombezi, weka hii juu tu, halafu weka na nyingine yoyote ya pale kabatini. Hakutaka hata kuigusa. Akasema ninamfukuzia wateja, ndipo likaja hilo la jenereta. Mtu asiyejua anachouza angekuwa na hamu ya kuona. Asiyetaka kuona anajua. Na risiti hakunipa siku ile, nilipoiomba akasema mashine haina mtandao. Wenye risiti na boksi msitupe, pigeni picha vyote pamoja na betri, kwa sababu Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia, na bila ushahidi mkononi utasikilizwa kwa kuhurumiwa tu.

Elfu nane zangu hazikurudi. Duka silitaji, wa Tanga mtalijua kwa mdomo wa mwenyewe. Siwaambii msiingie kabisa, waya wake na balbu nimetumia miaka na sina lawama. Mimi mwenyewe nikihitaji swichi huenda nikapita pale, ni karibu na kituo cha daladala. Betri tu ndiyo hapana.

Nimeandika hivyo, kisha binti yangu akanikumbusha kwamba wakati natoka mlangoni yule kijana aliuza nyingine ya radi kwa mzee mwenye ndoo ya uvuvi, na akamwambia hii inakesha. Basi hata swichi nitanunua kwingine.