Shandi au michelada kwa mchana wa joto?

Shandi ni nusu bia, nusu soda ya limau. Bia ya asilimia 5 inashuka hadi 2.5 hivi, na hapo ndipo inapoishinda michelada, yaani bia yenye juisi ya nyanya, ndimu na pilipili, kwa mtu mwenye kiu. Ila bia na soda ziwe baridi sana kabla ya kuchanganywa. Soda ikiwa ya vuguvugu, gesi inatoka yote kwenye povu, nawe unabaki na maji ya sukari.

Michelada, ya Meksiko, haikati ulevi kiasi hicho. Chukua bia ya asilimia 5 ya mililita 330, juisi ya nyanya mililita 100 na ndimu moja kubwa yenye mililita 30: bado unapata asilimia 3.6 hivi. Faida yake ni ladha. Ukali wa ndimu na chumvi vinakata uzito wa nyanya, na pilipili inakuja nyuma.

Wengi huiharibu kwenye kumimina. Chumvi ikidondokea ndani ya bia, gesi inaikimbilia kila chembe na povu linafurika mezani. Kwa hiyo chumvi ibaki nje ya ukingo wa glasi, ulioupakaa ndimu kwanza. Tangulizia juisi na barafu, kisha inamisha glasi na umimine bia polepole. Ukiona nyanya imetuama chini, koroga mara moja tu.

Mimi, jua likiwa kali, naanza na shandi. Michelada nataka niwe na chakula mbele yangu.