Uzoefu wangu: kuchapa kanvasi kubwa ya picha iliyobadilishwa uso

Programu za kubadilisha nyuso zinanipendeza kwenye simu, lakini kwa picha ya kutundikwa ukutani simshauri mtu azitegemee. Nasema hivi baada ya kuchapisha kanvasi ya sentimita 90 kwa 60 ya familia yetu, watu 11, tuliyopigwa Forodhani, Zanzibar, siku ya Idi. Katika picha moja kila mtu alitoka vizuri isipokuwa Bibi, alikuwa kafumba macho. Iliyofuata yeye kafumbua, watoto wamegeuka. Bibi mwenyewe aliridhia uso wake wa picha ya pili uhamishiwe ile ya kwanza.

Picha ya kamera ilikuwa na pikseli 6000 kwa 4000. Sentimita 90 ni kama inchi 35.4, kwa hiyo kila inchi inapata pikseli 169 hivi. Wengi hung'ang'ania 300, lakini mtu aliyesimama nusu mita kutoka ukutani, macho yake hayatenganishi zaidi ya kiasi hicho cha 169. Sikuikuza picha. Kuongeza pikseli kwa kompyuta hakurudishi kitu ambacho kamera haikukiona.

Kwa uso mambo ni mengine. Kwenye picha ile uso wa Bibi, kidevu hadi paji, ulikuwa na pikseli kama 380, na kwenye kanvasi unatoka karibu sentimita 5.7. Programu niliyoijaribu kwenye kompyuta inatumia faili la `inswapper_128.onnx`, na hiyo 128 ndiyo habari yenyewe: uso inaoutengeneza una pikseli 128 kwa 128 tu, kisha unavutwa mpaka ujae nafasi. Yaani majirani wa Bibi wana pikseli 169 kwa inchi, yeye amebakiwa na 57 hivi. Nilipoitazama kwenye kioo kwa asilimia 100 niliona nyuzi za mtandio wake moja moja, lakini shavu lililogusana na mtandio huo lilikuwa laini kama nta. Nikawasha kirekebisha uso kilichomo humo humo. Kope zikarudi, ngozi ikang'aa, na makunyanzi yakatoweka. Nilimwonesha Bibi. Akaitazama kwa muda, akasema, "Mjukuu wangu, mie siye huyu." Kirekebisha uso hubuni kinachokosekana kwa kukisia kutokana na nyuso nyingine, na anayemjua mtu hugundua mara moja.

Basi nikauhamisha uso wenyewe kwa GIMP, programu ya kuhariri picha. Kamera ilikuwa kwenye stendi na picha zote mbili zilipigwa kwa kufuatana, kwa hiyo vipimo na mwanga vililingana. Niliweka picha ya pili kama tabaka juu ya ya kwanza, nikalinganisha macho na kidevu, nikaficha tabaka lote kwa barakoa nyeusi, kisha nikaufunua uso kwa brashi laini nyeupe. Mpaka wa kuunganishia niliupitisha ndani ya kivuli cha mtandio, sio katikati ya shavu. Hapo hauonekani.

Kunoa picha niliacha mwisho, baada ya kuunganisha matabaka kwa `Flatten Image`, ili uso uliohamishwa unolewe pamoja na nyuso za jirani kwa kiasi kimoja. Nilitumia `Sharpen (Unsharp Mask)`, `Radius` 1.5 na `Amount` 0.7. Kanvasi inanyonya wino na kuilainisha picha kidogo, kwa hiyo inavumilia kunolewa zaidi ya karatasi ya kung'aa. Dalili ya kuzidisha ni mstari mweupe mwembamba kwenye ukingo wa kidevu au kofia, na palipounganishwa mstari huo hutokea kabla ya pengine popote.

Kioo cha kompyuta hakitoshi kukuhakikishia. Nilikata kipande cha pikseli 1400 kwa 1980 chenye uso wa Bibi na wajukuu wawili walio pembeni yake, nikakichapisha kwenye A4 kwa vipimo vile vile vya kanvasi. Nilikipeleka dirishani, nikakitazama kwa urefu wa mkono, kisha karibu zaidi. Nilitazama nukta ya mwanga ndani ya mboni: kwa wote watatu ilikuwa upande mmoja. Nikatazama meno, pembe za macho, na pale shavu linapoingia kwenye mtandio. Safari hii Bibi alijitambua.

Duka nililochapishia, maeneo ya Darajani, nalisifu kwa rangi na kwa kukubali kuchapa hicho kipande kwanza. Nililolilalamikia ni kwamba waliniomba faili kwa WhatsApp. Ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, mara nyingi ikabaki na pikseli kama 1600 kwa upande mrefu, sawa na 45 kwa inchi kwenye kanvasi hii. Niliwapelekea kwa flashi. Waulize pia kama mashine yao inanoa picha yenyewe. Yao ilikuwa inanoa, na fundi aliizima nilipomwomba.