Kikohozi cha usiku: ununue nini kwanza?

Ukiamshwa na kikohozi saa tisa au saa kumi usiku, usianze kwa kununua mto mpya. Anza na kipimo cha nguvu ya pumzi, kile kibomba cha plastiki chenye mshale unaosogea ukipuliza. Nakiweka namba moja kwa sababu ndicho kitakachokuonyesha kama pesa zako ziende kwenye kifua au kwenye pua.

Puliza mara tatu jioni na mara tatu asubuhi kabla ya dawa, kila mara ukiandika namba kubwa kuliko zote. Fanya hivyo kwa wiki mbili. Rafiki yangu alikuwa akipata 420 jioni na 330 alfajiri. Tofauti ni 90, wastani wa namba hizo ni 375, kwa hiyo pumzi yake ilicheza kwa asilimia 24. Kwa mtu mzima, tofauti ya kila siku ikiwa kwa wastani imezidi asilimia 10, pumu inashukiwa sana. Alipeleka daftari lake kwa daktari, akaandikiwa dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa. Hiyo hakuna kifaa cha chumbani kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Namba zikitulia, lakini ukilala tu unahisi makamasi yanashuka kooni na unakohoa kusafisha koo, namba mbili ni chupa ya kuoshea pua kwa maji ya chumvi. Ni rahisi, na kwangu ndiyo inayolipa zaidi kwa tatizo hili. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, au yawe ya mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji. Ya bomba moja kwa moja yana hatari. Osha saa moja hivi kabla ya kulala, maana yanayobaki puani huendelea kutiririka.

Namba tatu ni mto wa mshazari unaoinua mwili kuanzia kiunoni, kichwa kikae juu kama sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito miwili mitatu hukunja shingo na kubana tumbo, na mwenye kiungulia ndiyo kwanza atakohoa zaidi.

Foronya za zipu zinazofunika godoro na mito yote naziweka namba nne, na ni kwa mwenye mzio wa utitiri wa vumbi tu. Peke yake hazitoshi. Shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Kisafisha hewa kinafuata, hasa kama kuna paka au moshi, japo paka kutolewa chumbani kunashinda mashine.

Mashine ya kuongeza unyevu usinunue. Unyevu wa chumba ukizidi asilimia 50, utitiri na ukungu hustawi, na asubuhi kifua kinapiga mluzi kuliko jana.