Marejesho manne yamelipwa yote, deni bado lipo: uzoefu wangu na "nunua sasa, lipa baadaye"

Nyota tatu, kwa kuanzia. Bidhaa haina kosa, duka halina kosa kubwa, na kukubaliwa mkopo pale kaunta huchukua dakika chache tu. Ninacholalamikia ni kitu kimoja, nacho hakimo kwenye bango wala mdomoni mwa muuzaji: pesa yako ikishaingia kwa mkopeshaji, anaigawa kwa mpangilio gani.

Nachukua namba nyepesi ili kila mtu ahesabu mwenyewe. Bei 1,200, marejesho manne ya 300. La kwanza unalipa hapo hapo dukani siku ya kuchukua mzigo, matatu yaliyobaki kila baada ya wiki mbili. Riba hakuna. Faini ya kuchelewa ni 60 kwa kila rejesho litakalopita siku yake bila kukamilika. Shika hilo neno "kukamilika", maana balaa lote limejificha humo.

Rejesho la pili ni siku ya 14. Mfumo unajaribu kukata pesa alfajiri, akaunti haina salio la kutosha, makato yanagoma. (Benki yako nayo inaweza kukutoza kwa makato yaliyogoma. Hiyo ni ada ya pili kwa kosa lile lile, na mkopeshaji hatakutajia kwa sababu si yake.) Siku ya 17 unalipa mwenyewe 300. Ujumbe unaingia: malipo yamepokelewa, asante. Unalala usingizi.

Kumbe 300 ile haikwenda yote kwenye rejesho la pili. Kwa mfumo wao, malipo yoyote huanza kulipa faini na ada, kisha deni la zamani zaidi, kisha jipya. Kwa hiyo 60 imeliwa na faini, 240 imeingia kwenye rejesho, na rejesho la pili limebaki na pengo la 60. Hakuna aliyekupigia simu kukwambia. Siku ya 28 unalipa 300 kwa wakati, tena labda asubuhi na mapema. Mfumo unachukua 60 kuziba pengo la rejesho la pili, 240 inakwenda rejesho la tatu, nalo halikamiliki. Faini nyingine ya 60. Siku ya 42 unalipa 300 ya mwisho, tena kwa wakati: 60 faini, 60 kuziba la tatu, 180 inayobaki inaingia rejesho la nne. Pengo 120. Faini ya tatu.

Jumlisha. Umelipa 1,200 kamili, bei yote ya bidhaa. Umechelewa mara moja, siku tatu. Mfumo unasema unadaiwa 180, na kwamba marejesho matatu kati ya manne hayakukamilika kwa wakati. Siku ile ya 17 ungelipa 360 badala ya 300, hadithi ingeishia pale. Pengo la 60 lililofichwa nyuma ya neno "asante" ndilo lililozaa mengine.

Ukiwauliza huduma kwa wateja, jibu ni hili, nalo ndilo lililonifanya nikae chini kuandika: "Mfumo ndivyo ulivyo, mteja alitakiwa kusoma." Kusoma wapi? Mpangilio wa malipo uko kwenye vigezo na masharti, katikati ya kurasa ndefu, kwa maneno kama "mkopeshaji ana hiari ya kuelekeza malipo atakavyoona inafaa". Hiyo si kanuni, ni ruhusa ya kufanya watakalo. Nyota mbili.

Haki itendeke: si wote wako hivyo. Wapo wanaoanza na deni lenyewe na kuiweka faini pembeni, wapo wanaoweka kikomo cha jumla ya faini, na wapo wanaotoa siku chache za neema kabla ya kutoza chochote. Kabla hujaweka sahihi uliza maswali mawili tu. Nikichelewa, malipo yangu yanaanza kulipa nini? Na faini ina kikomo? Muuzaji wa dukani kwa kawaida hajui, wala si kosa lake, maana mkopo si wa duka. Mwambie afungue ukurasa wa masharti, mtafute wenyewe neno "faini" na neno "mpangilio".

Na ukishachelewa, dawa ni moja. Usilipe kiasi cha rejesho. Omba kiasi cha kufikisha akaunti sawa hadi leo, kwa maandishi na kikiwa na tarehe, ulipe hicho. Kisha usiuamini ujumbe wa asante. Fungua ratiba ya marejesho, si ukurasa wa malipo. Ukurasa wa malipo unaonyesha ulichotoa, ratiba inaonyesha kilichofungwa. Rejesho likiandikwa "sehemu imelipwa" au lina salio hata la 5, saa bado inahesabu.

Hilo la "riba hakuna" nalo nilitaka kulipita, lakini limenikaba. Wengi wana ada ndogo ya huduma, tuseme 40 kwenye ile 1,200. Inaonekana si kitu. Lakini ulichokopeshwa si 1,200, ni 900, kwa kuwa 300 umetoa siku ya kwanza. Tena hukukaa na 900 muda wote: wiki mbili 900, wiki mbili 600, wiki mbili 300. Kwa wastani ulikuwa na 600 mkononi kwa wiki sita. Ada ya 40 juu ya 600 ni karibu asilimia 6.7 kwa wiki sita, na ukiipeleka kwa mwaka inafika kama asilimia 58. Weka faini moja ya 60 juu yake, uone inavyokwenda. Huko mtaani mkopo wa kiwango hicho una jina, linaitwa kausha damu. Hapa umevikwa rangi nzuri na kitufe cha kubonyeza. Na uliza bei ya taslimu kabla hujataja mkopo: duka humlipa mkopeshaji kamisheni kwa kila mauzo, na pengine kamisheni hiyo imeshaingizwa kwenye bei unayotajiwa.

Sasa turudi kwenye ile 180, maana pesa yenyewe ndiyo hasara ndogo. Wewe unaamini umemaliza, umeshafuta hata programu kwenye simu. Wao wanahesabu siku. Kwenye taarifa za mikopo wakopeshaji wengi huripoti kwa mafungu: siku 30, 60, 90 za kuchelewa. Faini inaweza kukupata siku ya kwanza, lakini alama mbaya kwenye rekodi mara nyingi huja deni likifikisha siku 30. Kwa hiyo aliyechelewa siku tatu akafunga pengo lote huenda asionekane kabisa kwenye rekodi. Aliyechelewa siku tatu akaacha pengo ndiye anayeumia. Pengo la rejesho la nne linahesabiwa tangu siku ya 42, hivyo siku ya 72 limetimiza siku 30, na siku ya 132 limetimiza 90, ambapo kwa kawaida mkopo huitwa chechefu na unaweza kukabidhiwa kwa wakusanya madeni. Rekodi haitaandika "alilipa bei yote akakosana na mfumo". Itaandika mkopo haukulipwa.

Kuna uonevu mwingine hapo. Wakopeshaji wengi wa aina hii wamekuwa hawaripoti marejesho yaliyolipwa vizuri, lakini aliyeshindwa wanamripoti, au anaripotiwa na mkusanya madeni. Ukilipa vyema mara kumi hakuna anayejua. Ukiteleza mara moja, benki utakayoiomba mkopo wa nyumba inajua. Hali inaanza kubadilika: mwaka 2025 kampuni ya FICO ya Marekani ilitangaza alama za mkopo zinazohesabu na mikopo hii. Sijui kama nifurahi. Wanunuzi wa namna hii mara nyingi huwa na mikataba zaidi ya mmoja kwa pamoja, na kila ununuzi ni mkopo wake unaojitegemea, wenye tarehe yake ya kuanza na ya kuchelewa. Kwenye taarifa hilo linaweza kukuonyesha kama mtu anayekopa kila wiki.

Kama yamekwisha kukupata, anza kwa kuomba taarifa yako ya mikopo. Usitafute jina la duka, hulioni. Tafuta jina la mkopeshaji, au la benki iliyo nyuma yake, ambalo pengine limeandikwa kwa maandishi madogo ukurasa wa kwanza wa mkataba. Angalia tarehe ya kuchelewa kwa mara ya kwanza, salio, na idadi ya siku. Lipa salio kwanza, ukiandika kwamba unalipa huku ukipinga faini. Kulipa kunasimamisha hesabu ya siku, na kupinga kunabaki hai. Kisha mwandikie mkopeshaji, na nakala kwa ofisi ya taarifa za mikopo, ukiambatanisha mkataba, ratiba ya marejesho, na namba ya muamala wa kila malipo. Usiandike barua ya machozi. Andika jedwali: tarehe iliyotakiwa, tarehe uliyolipa, kiasi, na walikokipeleka. Jedwali hilo ndilo linalowaumbua, kwa sababu linaonyesha 1,200 ilivyoingia na faini zilivyozaana.

Usitegemee kufutiwa kuchelewa kwa kweli. Siku tatu zile ni zako. Kinachoweza kurekebishwa ni kilicho kinyume na mkataba au kilichoripotiwa vibaya: siku walizozidisha, faini ambayo haikuandikwa, salio la kiasi kisicho sahihi, au mkopo uliolipwa ukaachwa wazi. Kama mkataba unawaruhusu kuanza na faini, hoja yako inakuwa dhaifu, nakwambia mapema. Hapo omba wazifute faini mbili za baadaye kwa kuwa malipo yale mawili yalifika kwa wakati. Wengine hukubali ili uondoke. Wakikubali, taka barua ya kumaliza deni yenye tarehe na salio sifuri, uitunze hata bidhaa ikishaharibika.

Nilisema nyota tatu, nikashuka mbili. Kwa mtu mwenye salio la uhakika siku ya 14, ya 28 na ya 42, pasipo ada ya huduma, huduma hii ni ya nyota nne, tena bila kinyongo. Ila mtu mwenye uhakika huo mara nyingi ana 1,200 taslimu pia. Nyota moja, na hiyo ni ya muuzaji aliyekubali kufungua ule ukurasa wa masharti.