Kusahihisha insha ya uchambuzi wa picha: alama moja ya jumla au alama kwa vigezo?

Mwanafunzi mmoja hapa Mwanza aliandika kuhusu mchoro wa chui wa mtindo wa Tingatinga. Alieleza kwa ufasaha kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, lakini kuhusu mchoro wenyewe alisema tu kuwa rangi zake zinavutia.

Kwa alama ya jumla nilimpa 65, kwa sababu insha ilisomeka vizuri. Nilipoisahihisha upya kwa vigezo, alipata 8 kati ya 30 za uchunguzi, 10 kati ya 40 za kuunganisha kinachoonekana na hoja, 14 kati ya 15 za muktadha na 13 kati ya 15 za lugha, yaani 45. Hapo upungufu ulijionyesha: hakutaja mandhari-nyuma ya rangi moja, mistari ya kingo, wala mng'ao wa rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli, mambo yanayomfanya chui aonekane bapa, asiye na kina.

Alama ya jumla ni ya haraka, nayo humtendea haki zaidi anayefuma uchunguzi na hoja katika sentensi moja, kwani vigezo huweza kumkata mara mbili kwa kosa lilelile. Kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hata hivyo, nachagua vigezo.