Lumeni 800 ni wati ngapi za zamani? Mwongozo wa kununua balbu

Mama yangu hushona jioni, na sebule yake miaka yote iliwashwa na balbu moja ya wati 100, ile ya kioo yenye waya mwembamba unaowaka ndani. Ilipoungua nilimpelekea LED ya wati 9. Muuzaji alikuwa ameniambia, "Chukua hii kaka, ni sawa na mia." Siku ya tatu mama akanipigia simu: "Mwanangu, taa yako inanionyesha mlango, tundu la sindano silioni." Nilipofika niligeuza paketi nikasoma ubavuni: lumeni 800. Hapo hapo kosa likaonekana. Lumeni 800 ni balbu ya wati 60, si ya 100.

Wati ni umeme unaoliwa, lumeni ni mwanga unaotoka. Zamani tulinunua kwa wati kwa sababu balbu zote zilifanana: ukijua inakula kiasi gani, unajua itaangaza kiasi gani. Kwenye LED uhusiano huo umekatika. Wati 9 za kiwanda kimoja zinaweza kutoa lumeni 900, za kingine 600. Kwa hiyo soma lumeni kwanza (kwenye paketi nyingi zimeandikwa "lm"), kisha uzigeuze kuwa wati za zamani ulizozizoea.

Kwa umeme wetu wa volti 230, kipimo ambacho Umoja wa Ulaya uliwawekea watengenezaji wanaotaka kuandika "sawa na wati kadhaa" kwenye paketi ya LED ni hiki:

- wati 40 za zamani: lumeni 470
- wati 60: lumeni 806
- wati 75: lumeni 1,055
- wati 100: lumeni 1,521

Huna haja ya kukariri. Gawa lumeni kwa 13 utapata wati za zamani kwa makadirio ya kutosha. Zikiwa chini ya 500 gawa kwa 12, zikizidi 1,300 gawa kwa 15. Kigawanyo kinapanda kwa sababu waya wa balbu kubwa huwaka kwa joto kali zaidi, na kila wati moja hutoa mwanga mwingi kuliko wa balbu ndogo.

Tujaribu na paketi moja. Mbele imeandikwa kwa maandishi makubwa "9W = 75W". Ubavuni, kwa herufi ndogo, lumeni 720. Gawanya 720 kwa 13, unapata 55. Balbu hiyo haifiki hata 60 ya zamani, na ile 75 ya mbele imewekwa kukuvuta. Sasa gawanya lumeni kwa wati zake yenyewe: 720 kwa 9 ni 80. LED nyingi za nyumbani hutoa kati ya lumeni 80 na 110 kwa wati moja, kwa hiyo angalau namba ya ubavuni inaaminika. Ukikuta balbu ya bei ya chini imeandikwa wati 9 na lumeni 1,500, hiyo ni zaidi ya 160 kwa wati. Zipo LED chache za namna hiyo, lakini ni za bei ya juu, huzikuti kwenye beseni la njiani.

Baada ya hesabu hiyo, hivi ndivyo ninavyozipanga balbu, kuanzia iliyo bora, kwa mtu anayebadilisha ya 100 sebuleni.

Ya kwanza ni LED moja ya lumeni 1,500 hivi, ambayo kwa kawaida huwa ya wati 13 hadi 15. Ndiyo niliyomfungia mama mara ya pili, na sindano ikapata uzi. Kwa saa 5 kila siku, balbu yake ya zamani ilikuwa inakula yuniti 15 za LUKU kwa mwezi. Hii ya wati 14 inakula yuniti 2 na kidogo. Angalia kitako kabla hujalipa: B22 ni ya pini, E27 ni ya kuzungusha. Na kama holda yako imefunikwa na glopu ya kioo iliyofungwa pande zote, joto halina pa kutokea, na saketi iliyo kwenye shingo ya LED kubwa huungua mapema. Toa kifuniko, au nenda kwenye chaguo linalofuata.

La pili ni LED mbili za lumeni 800 kwenye holda mbili. Jumla ni 1,600, na kwa sebule ndefu mimi naona ni bora hata kuliko la kwanza, maana kivuli cha mkono wako hakiangukii kazi unayofanya. Nimeliweka la pili kwa sababu nyumba nyingi zina holda moja tu katikati ya dari, na kumwita fundi achimbe ukuta ni gharama nyingine.

La tatu ni LED ya lumeni 1,055, yaani 75 ya zamani. Kwa chumba cha kulala au jiko dogo inatosha vizuri. Kwa sebule inafaa pale tu ambapo umeme ulikuwa hafifu. Balbu ya zamani ilikuwa dhaifu sana kwa jambo hili: volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, mwanga wake ulibaki karibu asilimia 60 tu. LED yenye saketi nzuri haibadiliki kwa mshuko huo. Kwa hiyo aliye mwisho wa laini, ambaye 100 yake haikuwahi kuwa 100 kamili, akifunga lumeni 1,055 anaweza kuona nyumba imeng'aa kuliko zamani.

La nne ni enaji seva ya mirija iliyojikunja. Ya wati 23 hutoa lumeni 1,400 hivi, kwa hiyo kwa mwanga inakaribia kabisa. Lakini huchukua dakika moja au zaidi kufikia mwanga wake wote, na ndani ina zebaki. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2022 kwamba enaji seva hizi za majumbani zisitengenezwe wala kuingizwa nchini baada ya 2025, hivyo zilizobaki madukani ni masalia. Ikipasuka, fungua madirisha, toka chumbani kwa muda, kisha kusanya vipande kwa karatasi ngumu badala ya ufagio.

Ya mwisho ni balbu yoyote isiyoandikwa lumeni popote. Muuzaji atakuwashia kwenye holda ya majaribio, nawe utaitazama macho yakuume, uamini ina nguvu. Usiitazame balbu. Mwombe awashe kando yake balbu nyingine yenye lumeni zilizoandikwa, zote za rangi moja, kwa sababu nyeupe ya 6500K huonekana kali kuliko ya manjano ya 3000K hata lumeni zikilingana. Shika karatasi yenye maandishi chini ya kila moja kwa umbali uleule, usome. Kisha ielekeze kamera ya simu kwenye balbu: ukiona mistari myeusi minene inatembea kwenye kioo, taa hiyo inapepesa, na kwa mtu anayeshona au kusoma usiku itamuumiza kichwa. Hiyo mrudishie, hata akikupunguzia bei.