Kurusha video au kuakisi skrini: nilivyopima chaji ya simu yangu kwa jioni nne

Ninaishi Likoni, na kazi yangu ya zamu ya usiku iko kisiwani, kwa hiyo muda wangu wa kukaa na familia sebuleni ni ule mfupi wa baada ya isha, kabla ya kwenda kuvuka feri. Katika muda huo tunatazama video za YouTube kwenye televisheni yetu ya zamani, ambayo haijui intaneti ni nini, kupitia kifaa kidogo cha Chromecast nilichokichomeka kwenye tundu la HDMI. Kwa miezi mingi nilikuwa nikitoka nyumbani na chaji chini ya nusu bila kuelewa sababu, mpaka usiku mmoja simu ilipozima nikiwa kwenye foleni ya matatu ng'ambo ya pili, na nauli yangu yote imo ndani ya M-Pesa. Nilitembea kwa miguu hadi kazini. Asubuhi yake nilianza kuchunguza.

Kumbe tangu siku ya kwanza nilikuwa nikitumia njia isiyofaa. Aliyeniunganishia kifaa hicho alinionyesha kufungua programu ya Google Home, kugusa jina la kifaa na kuchagua kuonyesha skrini yote ya simu, na mimi nikaamini kwamba hakuna njia nyingine. Huko ndiko kuakisi skrini: kila kilichopo kwenye kioo cha simu huonekana kwenye televisheni, pamoja na ujumbe unaoingia. Njia ya pili, yaani kurusha video, huanzia ndani ya YouTube yenyewe, kwa kugusa alama ya mstatili wenye mawimbi madogo pembeni kisha kuchagua jina la kifaa. Kwa mtazamaji aliyekaa kwenye kochi njia zote mbili ni video ile ile kwenye televisheni ile ile, na ndiyo maana kosa langu lilidumu.

Ili nisidanganywe na hisia, nilipima kwa jioni nne, simu ile ile yenye betri ya mAh 5000, mwanga wa skrini nusu, na kila mara nikianza na asilimia 80 na kutazama kwa dakika 90. Jioni ya kwanza niliakisi skrini kama nilivyozoea, na chaji ikashuka hadi 55. Jioni ya pili nilirusha video, nikaifunga simu na kuiweka juu ya kabati. Nilipoichukua ilikuwa 77. Asilimia 25 kwa upande mmoja, 3 kwa upande wa pili. Vipimo hivi ni vya simu yangu na nyumba yangu, na simu nyingine itatoa nambari zake, lakini pengo la namna hiyo si la kubahatisha.

Mara ya kwanza nililaumu mwanga wa skrini, kwa sababu wakati wa kuakisi skrini haiwezi kuzimwa: ukiifunga simu, televisheni nayo hupoteza picha. Kwa hiyo jioni ya tatu niliakisi tena huku nimepunguza mwanga hadi mwisho kabisa. Chaji ilifika 60. Nilikuwa nimeokoa asilimia tano tu, na mke wangu, alipoishika simu ili aisogeze, aliniambia, "Baba Salma, simu yako i moto kama pasi." Jioni ya nne nilitazama video kwenye simu yenyewe bila televisheni, mwanga ukiwa nusu kama mwanzo, ikaishia 67. Hapo jambo lilinidhihirikia: kutazama kwenye simu kulikula asilimia 13, na kuakisi kulikula hizo pamoja na 12 nyingine, ambazo haziwezi kuwa za mwanga.

Asilimia hizo 12 zinatokana na kazi ambayo macho hayaioni. Unapoakisi, simu hupokea video kutoka kwenye intaneti, huifungua ili ionekane kwenye kioo chake, kisha huinakili picha ya kioo hicho mara nyingi kila sekunde, huibana upya kuwa video nyingine mpya, na kuirusha hewani bila kupumzika. Kubana video ni kazi nzito kuliko kuifungua, na redio ya waifai inayotuma mfululizo hula umeme zaidi ya ile inayopokea kwa vipindi. Isitoshe, video ile ile hupita hewani mara tatu: kutoka ruta hadi simu, kutoka simu hadi ruta, kutoka ruta hadi kifaa. Ndiyo sababu picha yangu ilikuwa ikikatika-katika nyakati za jioni, wakati waifai za majirani zote zimewashwa, nami nilikuwa nikiwalaumu watoa huduma wa intaneti bure.

Unaporusha, simu haiibebi video hata kidogo. Hukiambia kifaa ni video ipi inayotakiwa na ianzie dakika gani, na kifaa huifuata chenyewe kwenye intaneti kupitia ruta. Simu hubaki kuwa rimoti. Kuna jaribio rahisi la kujua ni njia ipi inayotumika: washa hali ya ndegeni kwenye simu wakati video inaendelea. Ikiwa umerusha, televisheni itaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, ingawa hutaweza kusimamisha wala kuongeza sauti mpaka urudishe waifai. Ikiwa umeakisi, picha hukwama au kutoweka papo hapo.

Kurusha kuna mipaka yake, na miwili imenigusa mwenyewe. Wa kwanza ni video zilizomo ndani ya simu, kama ile ya harusi ya binamu yangu niliyotumiwa na jamaa wa Malindi. Hiyo haipo kwenye intaneti, kwa hiyo niliirusha kwa programu ya VLC, ambapo simu hulazimika kuisoma na kuituma yenyewe. Dakika 40 zilichukua asilimia 4, jambo ambalo si baya, kwa kuwa simu ilituma faili lilivyo bila kulibana upya. Lakini video nyingine ya sherehe ile ile, iliyorekodiwa kwa mfumo ambao kifaa changu hakiuelewi, iliilazimu simu kuigeuza huku ikiituma, na ule moto wa pasi ukarudi. Joto la mgongo wa simu ndilo dalili ninayoitegemea siku hizi kabla hata ya kutazama asilimia.

Mpaka wa pili ni siku ruta inapokosa intaneti. Jioni moja tuliunganisha kifaa na simu yangu kwenye hotspoti ya simu ya mke wangu, nikarusha video kama kawaida. Simu yangu haikupungua, lakini yake ilitoka 90 hadi 71, kwa sababu video nzima ilikuwa ikiingia kwake kupitia mtandao wa simu na kutoka kwa waifai, na bando lake lilikwenda nayo.

Kuakisi sijakuacha kabisa. Wiki iliyopita baba alitaka kuona fomu ya pasipoti yake kwenye eCitizen, na maandishi ya simu ni madogo mno kwa macho yake. Nikaakisi skrini, akaisoma kwenye televisheni mstari kwa mstari, akakuta jina la babu limekosewa herufi moja, nikalisahihisha mbele yake. Dakika nane, asilimia 2, kisha nikakata.